Hisa ya Fujo Inapopunguza Hatari

Mtu ana shilingi milioni moja, na zote ameziweka kwenye hisa za benki moja. Bei ya hisa hizo haina makeke: hupanda kidogo, hushuka kidogo. Sokoni zipo pia hisa za kiwanda cha bia, ambazo bei yake huruka na kuporomoka zaidi. Tuseme mtu huyu hana haja ya faida kubwa, anachotaka ni kulala usingizi. Afanye nini? Wengi wetu tungemwambia abaki na benki yake na aipe bia kisogo. Hesabu inamwambia auze robo na ushei ya hisa za benki, fedha hizo akanunulie bia.

Aliyeiweka hesabu hiyo wazi ni Harry Markowitz, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago. Machi 1952 jarida la Journal of Finance lilichapisha makala yake fupi kuhusu uchaguzi wa mkusanyiko wa hisa. Hoja yake ilianza na jambo dogo la kuudhi. Kama mwekezaji anajali faida tu, basi achague hisa moja yenye matarajio makubwa kuliko zote na aweke humo kila senti. Hakuna mtu mwenye akili afanyaye hivyo, kwa hiyo lazima kuna kitu cha pili anachokijali, nacho ni hatari. Mwaka 1990 Markowitz alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Merton Miller na William Sharpe. Kazi yake ilihusu hisa nyingi kwa pamoja, lakini zikiwa mbili tu, hesabu nzima inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na siri yake inaonekana vizuri zaidi.

Kwanza tupime hatari. Chukua mapato ya hisa kwa miaka kadhaa na utafute wastani wake. Kisha tazama kila mwaka ulikuwa mbali kiasi gani na wastani huo, uzidishe kila umbali kwa wenyewe, halafu utafute wastani wa majibu hayo. Hiyo ndiyo variansi. Kipeuo chake cha pili huitwa mkengeuko sanifu, na hicho ndicho kipimo kinachosomeka kwa urahisi. Tuseme hisa za benki zina mkengeuko wa 20% na za bia 30%. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano. Si za kampuni yoyote. Kama wastani wa mapato ya benki ni 10% kwa mwaka, na mapato yametawanyika kwa namna iliyozoeleka, basi katika miaka mitatu takriban miwili itaangukia kati ya hasara ya 10% na faida ya 30%.

Linabaki swali moja: hisa hizi mbili hutembea pamoja kiasi gani? Kipimo cha uhusiano huanzia -1, pale ambapo moja ikipanda nyingine hushuka kwa ulinganifu kamili, hadi 1, pale zinapokwenda sambamba bila kuachana. Sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari kati yake. Sisi tuchukue 0.2. Tukizidisha 0.2 × 0.20 × 0.30 tunapata 0.012, namba iitwayo kovariansi.

Sasa tuite w sehemu ya fedha iliyo kwenye benki. Iliyobaki, yaani 1 − w, iko kwenye bia. Variansi ya mkusanyiko ni hii:

V = 0.04w² + 0.09(1 − w)² + 2(0.012)w(1 − w)

Namba 0.04 ni 0.20 iliyozidishwa kwa yenyewe, na 0.09 ni 0.30 hivyo hivyo. Tukifungua mabano na kukusanya vinavyofanana:

V = 0.106w² − 0.156w + 0.09

Ukiichora, inatoa umbo la bakuli lililokaa wima. Tunatafuta kitako cha bakuli, na hapo ndipo kalkulasi inapoingia. Kazi yake hapa ni moja tu, kutuambia mteremko wa mchoro katika kila nukta. Kitakoni mteremko ni sifuri: huendi juu wala chini. Kwa kanuni ya kidato cha juu, w² hutoa 2w, w hutoa 1, na namba iliyosimama peke yake hupotea. Kwa hiyo mteremko ni:

0.212w − 0.156

Ukiuweka sawa na sifuri, w = 0.156 ÷ 0.212, yaani 0.736 hivi. Benki ichukue 73.6% na bia 26.4%. Ukitafuta mteremko wa huo mteremko unapata 0.212, namba chanya, kuonyesha kwamba bakuli limetazama juu na tumefika chini kabisa, si kileleni. Rudisha 0.736 kwenye V na utapata 0.0326, ambayo kipeuo chake cha pili ni 18.1%. Hatari imeshuka chini ya ile 20% ya benki peke yake, na kilichoishusha ni hisa yenye hatari ya 30%.

Hapa ndipo wasomaji wengi huhisi wamefanyiwa kiinimacho, kwa hiyo tusimame kidogo. Rudi kwa mtu wetu kabla hajafanya lolote, yaani w = 1. Mteremko pale ni 0.212 − 0.156 = 0.056. Ni chanya, maana yake ukiongeza w hatari inapanda, na ukiipunguza inashuka. Hatua ya kwanza kabisa ya kuondoka kwenye benki na kwenda kwenye bia inapunguza hatari. Sababu imo kwenye vipeo vya pili. Akihamisha 5% tu kwenda kwenye bia, fujo ya bia yenyewe inaingia ikiwa imezidishwa kwa 0.05 × 0.05, yaani 0.0025: 0.09 yote inakuwa 0.000225, kitu kidogo sana. Wakati huo huo mchango wa benki unashuka kutoka 0.04 hadi 0.0361. Kovariansi inarudisha sehemu ya punguzo hilo, 0.00114, lakini bado ameokoa. Kiasi kidogo cha fujo kikizidishwa kwa chenyewe hupungua nguvu haraka mno, na ndiyo maana mwanzoni kinachoamua zaidi ni jinsi bia inavyotembea na benki, wala si ukubwa wa fujo yake.

Hivyo tunaweza kuandika kanuni kwa hisa zozote mbili. Tuite a variansi ya kwanza, b ya pili, na c kovariansi. Kwa hatua zile zile:

w = (b − c) ÷ (a + b − 2c)

Ukitaka kuhakiki jibu lako, kuna njia ninayoipenda kuliko kurudia hesabu. Kwenye kitako cha bakuli, kovariansi ya kila hisa na mkusanyiko wote lazima ilingane. Kwa benki: 0.736 × 0.04 + 0.264 × 0.012 = 0.0326. Kwa bia: 0.736 × 0.012 + 0.264 × 0.09 = 0.0326. Ni sawa, na zote ni variansi yenyewe ya mkusanyiko. Zingetofautiana, ungeweza kuhamisha fedha kutoka kwenye hisa yenye namba kubwa kwenda kwenye yenye namba ndogo na hatari ingeshuka tena. Maana yake ungekuwa hujafika chini.

Kanuni ina mpaka wake. Ukitazama juu ya mstari wa kugawanya, kwa upande wa bia kunakuwa na a − c, na hiyo ikiwa hasi sehemu ya bia inakuwa hasi pia. Kwa namba zetu hilo hutokea uhusiano unapozidi 0.20 ÷ 0.30, yaani theluthi mbili. Chukua uhusiano wa 0.8: kovariansi inakuwa 0.048, na w = 0.042 ÷ 0.034, karibu 1.24. Kanuni inakuambia uweke 124% kwenye benki, kwa maana kwamba uazime hisa za bia, uziuze, na fedha uliyopata uongezee kwenye benki. Mwekezaji mdogo wa kawaida hana njia rahisi ya kufanya hivyo. Kwake jibu ni kusimama kwenye ukingo, 100% benki, na hapo wale waliomwambia aipe bia kisogo wanakuwa wamesema kweli.

Basi kila kitu kimeegemea ile namba ya uhusiano, na hiyo haipimwi kwa rula. Hukadiriwa kutoka bei zilizopita. Tuseme tuliamini 0.2, kumbe ukweli ni 0.5. Gawio sahihi lingekuwa 85.7% benki, si 73.6%. Tofauti inaonekana kubwa, lakini hasara yake ni ndogo: kwa gawio letu lenye kosa mkengeuko ni 19.9%, na kwa gawio sahihi ungekuwa 19.6%. Bakuli ni pana kitakoni, ukikaa pembeni kidogo hujapanda sana. Kilichotudanganya ni ahadi. Tulijihesabia hatari ya 18.1% tukapata 19.9%, karibu sawa na yule ambaye hakununua bia hata moja. Kwa hiyo mtu akikuonyesha gawio hadi nukta mbili za desimali, usibishane naye sana juu ya desimali. Mwulize uhusiano ameupata wapi.

Kwenye masoko yetu ya hisa swali hilo lina uzito wa pekee. Dar es Salaam kuna hisa zinazoweza kupitisha siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, na siku hizo bei iliyoandikwa hubaki ile ile ya mwisho. Habari mbaya ya uchumi ikija Jumatatu, hisa inayouzwa kila siku huitika siku hiyo hiyo, nyingine huitika Alhamisi inapopata mnunuzi. Kompyuta inayolinganisha siku kwa siku itaona moja imeanguka na nyingine imetulia, na itatoa uhusiano mdogo kuliko uliopo. Kanuni nayo, kwa uaminifu wake wote, itampa mwekezaji bia nyingi kuliko zinazomfaa.

Dalili si ngumu kuziona. Hesabu ni siku ngapi mapato ya hisa yameandikwa sifuri kamili; zikiwa nyingi, weka bei za kila siku pembeni na ukokotoe uhusiano kwa mapato ya mwezi mzima. Kwa mwezi, ile Jumatatu na ile Alhamisi kwa kawaida zitaangukia kapu moja. Kama uhusiano wa 0.2 wa siku umegeuka 0.5 wa mwezi, tumia ule wa mwezi, ujue pia kwamba miezi 60 ni data ya miaka mitano tu na makadirio yake yatayumba. Halafu rudia mgao: benki 85.7%, bia 14.3%, na akiba ya hatari aliyoipata mtu wetu ni pungufu ya nusu ya asilimia moja. Ada ya dalali wa kuuza na kununua aitoe humo.