Dadu Linalotaja Rangi ya Mraba

Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, ambaye jioni hucheza nasi drafti barazani, alinila soda mbili bila kusogeza kete hata moja. Alichukua dadu la ludo akaliweka kwenye mraba mweusi katikati ya ubao: 1 ikiwa juu, 2 ikinitazama mimi, 3 ikiwa ubavu wa kulia kwangu. Kisha akageuza kiti, akatupa mgongo.

"Libiringishe utakavyo," akaniambia, "mraba mmoja mmoja. Kulia, kushoto, mbele au nyuma. Usilinyanyue wala usiliburute. Ukichoka, nisomee namba tatu: ya juu, inayokutazama, na ya kulia."

Nikalibiringisha mara kumi na kitu, sikuhesabu. "Tano juu, nne inanitazama, moja kulia."

"Liko kwenye mweusi," akasema bila kugeuka. Na kweli lilikuwa kwenye mweusi. Tukarudia, akapatia tena. Mara ya tatu nikaona nimjaribu. Baada ya kulibiringisha nililizungusha dadu robo mzunguko palepale lilipo, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, ndipo nikamsomea namba. Akataja rangi, na safari hii haikuwa yenyewe.

"Mwalimu, umekosea."

"Sijakosea, kijana. Wewe umelishika dadu."

Soda ya tatu sikuidai.

Siri ya mchezo huu imo ndani ya dadu lenyewe, tena katika jambo ambalo watoto wa ludo wanalijua: nyuso mbili zinazopeana mgongo hujumlika kuwa 7. Moja iko upande wa pili wa 6, mbili upande wa pili wa 5, tatu upande wa pili wa 4. Kwa hiyo huhitaji kukumbuka nyuso zote sita. Ukijua ya juu, inayokutazama na ya kulia, zile tatu zilizojificha unazipata kwa kutoa kwenye 7.

Sasa angalia kinachotokea dadu linapobiringika kulia. Linapinda kwenye ukingo wake wa chini wa kulia na kulalia ubavu huo. Uso wa kulia unaingia chini, usiuone tena. Uso wa juu unashuka kuwa wa kulia. Uso uliokuwa kushoto, umejificha, unapanda juu. Ule unaokutazama unabaki unakutazama, ila umezunguka tu. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa wakifuatilia kwa kalamu na karatasi. Wanaona dadu linakwenda kulia, wakaandika kwamba uso wa kulia ndio uliopanda juu, kumbe ndio uliolala chini.

Tuanze alipoanzia mwalimu: 1 juu, 2 inakutazama, 3 kulia. Biringisha kulia. Tatu inalala chini, na 4 iliyokuwa kushoto inapanda juu. Moja inahamia kulia. Namba zako sasa ni 4, 2, 1, kwa mpangilio uleule wa juu, inayokutazama, kulia. Biringisha mbele, yaani mbali nawe. Ile 2 iliyokuwa inakutazama inapanda juu, na 3 iliyokuwa chini inatokeza upande wako: 2, 3, 1. Biringisha kushoto. Moja inarudi juu kutoka kulia, na 5 iliyokuwa chini inatokeza kulia: 1, 3, 5. Malizia nyuma, yaani kurudi kwako. Moja inashuka kukutazama, na juu inapanda 4 iliyokuwa upande wa mbali: 4, 1, 5.

Umezunguka miraba minne na kurudi palepale ulipoanzia. Umekwenda kulia mara moja na kushoto mara moja, mbele mara moja na nyuma mara moja. Mtu angetarajia kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, lakini juu pana 4, si 1. Kete ya drafti ukiizungusha hivyo inarudi ilivyo, kwa sababu inateleza. Dadu linapinduka, na mpinduko wa kulia ukifuatwa na wa mbele haufanani na wa mbele ukifuatwa na wa kulia. Ukiendelea kuzunguka miraba hiyohiyo minne, mzunguko wa pili unakupa 2 juu, na wa tatu ndio unaoirudisha 1 mahali pake, pamoja na nyuso nyingine zote. Hizo ni hatua 12.

Umbo la njia nalo lina lake. Biringisha kulia mara mbili, mbele mara moja, kushoto mara mbili, nyuma mara moja: unafika nyumbani na 6 juu, dadu limesimama kichwa chini. Panua njia iwe kulia mara mbili, mbele mara mbili, kushoto mara mbili, nyuma mara mbili, na dadu linarudi vilevile lilivyoondoka, 1, 2, 3, kana kwamba halikutoka. Mimi sikuamini hili la mwisho mpaka nilipolifanya kwa mkono.

Turudi kwa mwalimu na mgongo wake. Aliwezaje kutaja rangi ya mraba asiouona?

Jumlisha zile namba tatu katika kila hatua ya mzunguko wetu wa kwanza. Mwanzo, 1 na 2 na 3 ni 6. Kisha 4, 2, 1 ni 7. Kisha 6. Kisha 9. Mwisho 10. Shufwa, witiri, shufwa, witiri, shufwa. (Wenye kuswali witiri baada ya isha hawahitaji kuelezwa neno hilo.) Sasa tazama ubao: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Dadu likiwa kwenye mweusi jumla ni shufwa, likiwa kwenye mweupe jumla ni witiri. Mwalimu alijumlisha 5, 4 na 1, akapata 10, akasema mweusi. Hakufanya zaidi ya hapo.

Sababu yake ni fupi. Kila unapobiringisha dadu, kwa upande wowote ule, kati ya nyuso tatu unazoziona mbili zinabaki machoni pako, hata kama zimebadilishana nafasi. Moja tu ndiyo inayotoweka, na nafasi yake inashikwa na ile inayopeana nayo mgongo. Kwenye 1 na 6 kuna witiri na shufwa. Kwenye 2 na 5 vilevile, na kwenye 3 na 4 vilevile. Basi kila hatua inaondoa witiri moja na kuingiza shufwa, au kinyume chake, na jumla haina budi kugeuka. Rangi ya mraba nayo inageuka kila hatua. Vitu viwili vinavyogeuka pamoja kila mara haviwezi kuachana njiani, hata ukibiringisha mpaka usiku wa manane.

Ndiyo maana ujanja wangu uliumbuka. Kulizungusha dadu robo mzunguko palepale nako kunabadilisha uso mmoja kati ya ile mitatu kwa mgongo wake, hivyo jumla inageuka, lakini mraba ni uleule. Mwalimu alijua kuwa dadu linalobiringishwa kwa haki haliwezi kumdanganya, kwa hiyo aliyedanganya ni mtu.

Hapa panatoka jambo ambalo kwa macho tu usingelibahatisha. Dadu lina mikao 24: nyuso sita za kuweka juu, na kwa kila moja njia nne za kuligeuza. Lakini kwenye mraba wowote ule, mikao 12 tu ndiyo inayofikika kwa kubiringisha. Ile 12 mingine ni ya miraba ya rangi ya pili. Kwa hiyo ukirudi nyumbani na 1 juu, dadu limekaa kama mwanzo au limegeuka nusu mzunguko, basi. Kuikuta 1 juu huku 3 ikikutazama haiwezekani, kwa sababu kulia pangekuwa na 5, na jumla ingekuwa 9 kwenye mraba mweusi. Mtu anaweza kubiringisha mwaka mzima akitafuta njia hiyo, na haipo.

Martin Gardner, Mmarekani aliyekuwa na safu ya hesabu za burudani katika jarida la Scientific American, aliwahi kuandika kuhusu mafumbo ya kubiringisha vitu vya namna hii. Mwenzake Robert Abbott alitunga mafumbo ya njia ambamo miraba imeandikwa namba, na namba iliyo juu ya dadu ndiyo inayoamua mraba gani unaruhusiwa kuingia. Ukitaka kujitungia fumbo kama hilo, kagua kwanza kama kituo unachomwekea mwenzako kinafikika. Kumtuma mtu kwenye mkao usiofikika si ugumu, ni dhuluma.

Tahadhari mbili kabla hujatia soda yako rehani. Kwanza, likague dadu. Yapo madadu ya bei rahisi ambayo nyuso zake hazijumliki 7, na kwa hayo hesabu hii inaweza kuvunjika. Kama 1 iko juu na 2 inakutazama lakini kulia kuna 4 badala ya 3, hilo si bovu, limepangwa kama sura kwenye kioo. Mchezo unafanya kazi vilevile, ila mwanzo wako ni 7, hivyo witiri ndiyo itakayokuwa ya mweusi. Pili, ubao uwe wa drafti au sataranji. Rangi za ubao wa ludo hazipishani mraba kwa mraba, hazitakufaa.

Na ukifuatilia kwa karatasi, jumla itakuumbua pale utakaposahau kutoa kwenye 7. Haitakuumbua ukiwa umeandika kushoto badala ya kulia, maana hiyo nayo ni hatua halali ya dadu, ingawa si uliyokusudia. Kosa la namna hiyo hugunduliwa kwa kushika dadu lenyewe.

Lishike basi, na uutafute ule mkao wa nusu mzunguko. Anza na 1 juu, 2 ikikutazama, 3 kulia. Biringisha kulia, kulia, mbele, kushoto, kushoto, nyuma. Umefika nyumbani na 6 juu. Usisimame. Endelea mbele, mbele, kulia, nyuma, nyuma, kushoto. Uko nyumbani tena, 1 iko juu, 5 inakutazama, na kulia kuna 4.