Jiwe Linalotua Chini ya Mwamba

Katika mitihani ya fizikia ya miaka iliyopita kuna swali linalojirudia: jiwe linarushwa kutoka juu ya mwamba wa mita 15, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, likielekea juu kwa nyuzi 30. Litatua umbali gani?

Wengi hukimbilia kanuni ya 2u sin θ/g, wanapata sekunde 2. Kanuni hiyo hufaa pale tu jiwe linapotua usawa uleule lilikorushwa, na hapa linatua chini zaidi.

Tenganisha mwendo. Wima, kasi ya kuanzia ni 20 sin 30°, yaani 10. Tukichukua g kuwa 10, −15 = 10t − 5t², nayo hutoa t = 3 au −1. Hasi tunaiacha, kwa kuwa ni kabla ya kurusha.

Sasa hakiki muda huo kwa njia nyingine. Jiwe hupanda sekunde 1, likifika mita 5 juu ya mwamba. Kisha huanguka mita 20 kwa sekunde 2. Jumla ni 3, sawasawa.

Kwa mlalo hakuna mchapuko, ukipuuza ukinzani wa hewa: 17.3 × 3, takribani mita 52.