Bei ya Unga Mbele ya Pazia la Kijani

Mtangazaji amesimama mbele ya pazia la kijani, mkononi ana pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi. Nyuma yake hakuna kitu. Grafu anayoielekezea kidole itawekwa baadaye, mhariri atakapoifuta rangi ya kijani kwa kompyuta. Ndiyo maana skripti ya video kama hii huandikwa kwa safu mbili: upande mmoja maneno, upande wa pili kinachoonekana na mahali mkono unapoelekea. Ndiyo maana pia unga unafaa kuliko sukuma wiki. Kompyuta haitofautishi pazia na mboga. Ikiambiwa ifute kijani, inaweza kulitoboa fungu la sukuma na grafu ikachungulia katikati ya majani.

Lakini unga una sababu nzito zaidi ya kuchaguliwa. Hakuna bei ambayo Wakenya wengi huifahamu kwa kichwa kama ya pakiti hiyo, na mwaka 2022 ilivuka shilingi 200. Mtu akitaka kueleza kwa nini chakula hupanda bei, mwaka huo unatosha.

Skripti nzuri huanzia shambani, si dukani. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu hupandwa mvua za Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Kwa hiyo hata mwaka wa kawaida, bei huelekea kupanda katikati ya mwaka, maghala yanapokaribia kuisha. Mwaka 2022 mambo matatu yalikutana juu ya desturi hiyo. Ukame ulikuwa umeshaunguza misimu kadhaa mfululizo katika maeneo makavu. Februari, Urusi ikaivamia Ukraine, na mbolea iliyokuwa tayari ghali ikazidi kupanda wakati mkulima anajiandaa kupanda. Mfuko wa kilo 50 wa DAP ukapita shilingi 6,000. Mafuta nayo yakapanda, na dizeli ndiyo inayoyatoa mahindi Kitale hadi kwenye kinu, kisha unga hadi dukani. Katika grafu, kila sababu inastahili kuingia peke yake, mtangazaji anapoitaja. Zikimwagwa zote kwa pamoja, mtazamaji husoma skrini na kuacha kusikiliza.

Mstari wa bei hiyo una bonde moja linalodanganya. Julai 2022 serikali ilitangaza pakiti iuzwe shilingi 100. Asiyejua ataona mahindi yamekuwa mengi, kumbe ni ruzuku: pengo lililipwa kwa fedha za umma, na katika maduka mengi pakiti hizo zilikuwa adimu. Serikali mpya ilipoingia Septemba iliacha kulipia unga, ikaelekeza ruzuku kwenye mbolea, mfuko ukauzwa shilingi 3,500. Bonde hilo lazima liandikwe neno “ruzuku” palepale kwenye mstari.

Nguzo za grafu nazo zianzie sifuri. Zikianzia 190, bei iliyotoka 200 hadi 210 itaonekana imeongezeka maradufu, ilhali imepanda kwa asilimia tano tu. Wananchi wameumia vya kutosha. Hawahitaji kutiwa hofu na mchoro.

Sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayostahili nusu ya muda wa video, ni mfumuko wa bei. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Mama anayesikia taarifa hiyo huku mfuko wake ukiendelea kutoboka huona anadanganywa, na ana haki ya kuuliza. Matatu inayopanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru inaweza kupunguza mwendo, lakini bado inapanda. Mfumuko ni mwendo. Bei ni mahali gari lilipofika.

Hapo skripti inahitaji hesabu fupi ya mfano. Bidhaa iliyokuwa shilingi 100 inafika 150 mwaka wa pili: imepanda asilimia 50. Mwaka wa tatu inafika 156: imepanda asilimia nne. Mfumuko umeanguka, ila mnunuzi analipa shilingi 56 zaidi ya alipoanzia. Mhariri aweke mistari miwili kwa rangi mbili, mmoja ukishuka na mwingine ukiendelea kupanda, kila mmoja na jina lake.

Mtangazaji haoni chochote kati ya hivyo anaporekodi. Awekewe skrini ndogo pembeni ya kamera na alama ya utepe sakafuni, kisha ajaribu mara moja kabla ya kurekodi, kwa sababu anaposema “unashuka” mkono wake ukiwa kwenye mstari unaopanda, mtazamaji ataamini mkono.