Amelemewa Kidogo: Venye Mtaa Hupunguza Makali ya Maneno

Simu ya anti kutoka ocha ikiingia saa tisa usiku, usingoje akushow ukweli mara moja. Atasema, "Mgonjwa amelemewa kidogo, hebu ongea na mkubwa wako wa kazi, ukuje nyumbani." Msee yeyote amekulia Jericho, Kayole ama Dandora anajua hiyo maana yake. Mgonjwa ameshaenda, pengine tangu jioni, na watu wa nyumbani wamekaa chini wakachagua nani atakupigia na ataanza na neno gani.

Hiyo ndio tasfida. Shuleni tulifunzwa ni kuweka neno la heshima mahali pa neno kali ama la aibu: badala ya kufa unaandika kufariki, badala ya mimba unaandika uja uzito, unapewa maksi, unasonga. Kenye hatukufunzwa ni venye hiyo kitu hufanya kazi ikishatoka kwa kitabu ikaingia mtaa. Neno pole huwa pole kwa mtu fulani. Kuna mtu linamkinga, na ukijua ni nani, umejua kama hilo neno ni la utu ama ni la kuficha maovu.

Mahali pazuri pa kucheki hii maneno ni matanga ya ploti, juu hapo ugonjwa, doo na kifo hukutana wiki moja.

Tuanze na hiyo simu. Anti anajua uko peke yako kwa keja, ni usiku, na hakuna mtu wa kukushika. Akikwambia mzae amekufa, unaeza toka mbio uvuke Jogoo Road bila kuangalia. Kwa hivyo anakupea habari kwa vipande. Kwanza ni "amelemewa." Ukiwa tayari kwa basi, simu ya pili inasema "hali si poa, lakini wewe kuja tu." Ukishuka stage unapata kasin wako amekuja kukuchukua, na hujamwambia unafika saa ngapi. Ukifika kwa geti unaona viti vimepangwa nje, na hakuna haja ya mtu kusema kitu. Neno limekununulia masaa, mpaka ukawa na watu wako.

Lakini hii hufanya kazi kama nyinyi wote mnaelewa huo mtindo. Kuna vijana wamezaliwa Umoja na hawajai kaa ocha zaidi ya Disemba mbili. Ukiwaambia "amelemewa kidogo" wanasikia hivyo hivyo, kidogo. Wanajibu watakuja wikendi wakishalipwa. Halafu wanakasirika maisha yao yote juu hawakuambiwa. Kwa msee kama huyo, anti anafaa kuongeza sentensi moja: "Usingoje wikendi, kuja leo." Hiyo haivunji upole, na inafanya safari ieleweke.

Kwa watoto ni noma zaidi. Ukimshow mtoto wa miaka minne kwamba shosh amelala, atakuuliza ataamka saa ngapi, na anaeza anza kuogopa kulala. Watu wa ushauri wa familia husema mtoto apewe neno lenyewe kwa sauti ya upole: shosh amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na si makosa yako. Hapo upole uko kwa mkono wenye umemshika, na neno linabaki wazi.

Rudi kwa ploti. Kesho yake habari inasambaa, na kila kundi liko na neno lake. Wamama wa kanisa wanasema Baba ameitwa na Bwana. Majengo, kwa majirani Waislamu, utasikia ametangulia mbele ya haki, na hapo hakuna mambo ya simu mbili, juu mazishi hufanywa haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, pale makaburi ya Kariokor. Mwenyekiti wa kamati anaandika kwa grupu ya wosap, "Mzee wetu hatunaye tena." Na kwa base, mbogi ya vijana wenye aliwatengenezea baiskeli wakiwa wadogo wanaambiana, "Buda wa ploti amededi, manze."

Sasa kudedi ni neno pole ama ni neno kali? Kwa base, kati ya mabeshte, ni njia ya kutaja kitu kizito bila kulia mbele ya wasee. Lakini hebu litaje mbele ya mathe mwenye amebaki mjane. Utaona venye uso wake utabadilika. Hicho ndio kipimo ninaamini kuliko ufafanuzi wa kitabu: je, hilo neno unaeza lisema mbele ya mwenye imempata? Kama ndio, ni tasfida. Kama unalisema akishapita kona, ni kitu ingine.

Na neno pole huharibika pia. Bongo, baada ya Rais Magufuli kufariki Machi 2021, "mwendazake" lilianza kutumika na waliokuwa wanampinga, mpaka wafuasi wake wakaona ni dharau na kutaka aitwe "hayati." Kabla ya hapo mwendazake lilikuwa neno la kawaida la heshima kwa aliyefariki. Midomo yenye ililisema ndio ilibadilisha.

Siku ya tatu kamati inakaa, na sasa ni mambo ya doo. Hapa Eastlands mtu haombi pesa wazi. Kwa kawaida ya siku zote unasema nisort, nishikilie hadi endi manthi, niokolee na soo mbili. Hakuna neno "omba" wala "deni" hapo, na kila mtu anajua hiyo soo mbili inaeza kosa kurudi. Unamwachia mwenzako nafasi ya kukunyima bila kukuumiza. Anaweza jibu, "Hata mimi niko chini, kumekauka," na kesho mnasalimiana fiti. Januari hatusemi hata tumesota. Tunasema Njaanuari, na ukishalitaja hakuna mwenye atakuuliza maswali.

Kwa matanga lugha inakuwa pole zaidi: rambirambi, mkono wa pole, chochote ulicho nacho. Poa sana. Shida huja wakati upole unapunguza hesabu yenyewe. Mwenyekiti anaandika, "Kuna kitu kidogo imebaki hosi," juu anaona aibu kuanika familia. Kitu kidogo chenyewe ni laki mbili. Watu wa ploti wanasoma kidogo, wanatuma finje, wanatuma soo, wakidhani zinatosha. Wiki inaisha, bili haijaisha, na mochari inahesabu kila siku yenye mwili uko ndani. Kamati yenye imezoea hii kazi hutenganisha hayo mambo mawili. Ombi linabaki na maneno ya upole, lakini chini yake inawekwa bili ni ngapi, mochari ni ngapi kwa siku, gari ya kwenda ocha ni ngapi, na leo tumefikisha ngapi. Hesabu haitukani familia. Inawatoa mochari.

Cheki pia hayo maneno yenyewe, kitu kidogo. Ni yale yale karao hutumia akisimamisha mathree, na ni yale Eric Wainaina aliimba 2001 kwa "Nchi ya Kitu Kidogo," mpaka nchi nzima ikajua hongo inaitwa nini. Ndugu yake ni chai. Makanga anaambiwa, "Hujaninunulia chai," anatoa soo, wanaachana. Hapa neno linamkinga nani? Si mwenye anatoa. Linamkinga mwenye anapokea, lisikike kama ukarimu, kama mgeni amekaribishwa kikombe. Sheria ya hongo ya 2016 haijali iliitwa nini. Mwenye anapea na mwenye anapokea wote wana makosa, na kifungo kinaeza fika miaka 10. Ukiuliza makanga kama yeye huhonga atakasirika. Ukimuuliza huwa anatoa chai ngapi kwa siku, atakuhesabia hadi mbao ya mwisho. Hivyo ndivyo hilo neno limetuzoesha.

Kimebaki kitu moja, tangazo la kifo, na hapo ndio ugonjwa huingia. "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu." Miaka ya tisini hiyo sentensi ilibeba siri ya nyumba mob sana. Kenya ilipata kisa cha kwanza cha ukimwi 1984, lakini Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na hiyo miaka yote katikati familia zilisema ni malaria, ni kifua, ama kwa Waluo ni chira. Siwalaumu. Jirani angejua, watoto wako hawangecheza na wake.

Lakini mtaa pia ulitunga maneno yake: amekanyaga nyaya, ako na ngwengwe, ako na ukedi. Yanasikika kama tasfida juu hayataji ugonjwa. Yapime. Hakuna mtu husema "umekanyaga nyaya" akiwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa. Yanasemwa kwa ngazi, sauti ikishuka, kichwa kikigeuka kuangalia mlango wake. Hayo maneno huficha ugonjwa lakini humwanika mgonjwa. Siku hizi, msee akimeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwa vipimo, hawezi ambukiza mwenzake kwa mapenzi. Mwili wake uko fiti, lakini bado anavuka mtaa mzima kuchukua dawa kliniki ya mbali, juu ya nyaya. Neno la kusema ukiwa mbele yake liko, na ni rahisi: anatumia dawa. Sheria ya 2006 inakataza kutoa siri ya hali yake bila idhini yake, kwa hivyo mara nyingi hata hilo si lako kusema.

Kuna mlango mmoja tu tasfida ya ugonjwa inafaa kubaki nje, na ni mlango wa daktari. Ukiingia kliniki useme "siskii poa huko chini," dokta anaeza kukutibu tumbo wakati shida yako ni kukojoa kwa maumivu. Mwambie ni wapi, tangu lini, kuna damu ama usaha. Alisomea kusikia hayo maneno.

Halafu kuna vifo vyenye hata kamati haijui iandike nini. Mathare, Dandora, Kayole, kijana anapigwa risasi na polisi, na mtaa unasema alianguka. Ama walimwahi. Ama alizimwa. Nimesikia "alianguka" likisemwa na watu wema kabisa wenye hawataki kuongezea familia uchungu, na wengine wanaogopa, juu karao mwenyewe hupita hapo kila jioni. Lakini hilo neno halina mpigaji. Mtu huanguka peke yake, akiteleza. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilipochapisha ripoti yake 2017 kuhusu hivi vifo, kiliviita mauaji, na kikasema polisi ndio walifanya. Agosti mwaka huo huo Benna Buluma, wengi walimjua kama Mama Victor, alipoteza wanawe wawili Mathare, walipigwa risasi wakati wa vurugu za uchaguzi. Alikuja kuongoza mtandao wa mama za waathiriwa mpaka mafuriko ya Aprili 2024 yakamuua. Hao mama hukaa na mwenye amefiwa jana, wanamshika mkono, wanampikia, wanaongea naye pole pole kabisa. Wakisimama mbele ya korti ama kamera, hawasemi alianguka. Wanasema aliuawa, wanataja siku, mahali, na kama wanamjua, jina la mwenye alipiga.