Zohali Nyumbani, Zohali Ugenini

Kila aliyezaliwa mwaka 1997, uwe mwezi wowote, ana Zohali katika buruji ya Punda. Mnajimu anayefuata mapokeo ya zamani akiiona chati ya mtu huyo, atasema Zohali yake imeanguka. Wengi hushtuka, wakidhani wametabiriwa balaa. Lakini katika unajimu, kuanguka ni daraja la nguvu ya sayari, na madaraja hayo yana kanuni zake.

Yaliyo makuu ni manne. Sayari ikiwa katika buruji inayoitawala, iko kwenye makao yake: Zohali ina makao mawili, Mbuzi na Ndoo. Ikiwa katika buruji iliyo mkabala na makao hayo, iko katika unyonge. Kwa Zohali, ni Kaa na Simba. Kisha kuna buruji moja inayoipa sayari utukufu, ambao wanajimu wa Kiarabu waliuita sharafu, na mkabala wake ndipo mahali pa anguko. Zohali hutukuka Mizani na kuanguka Punda. Sayari yenye makao ni kama mwenye nyumba: funguo anazo mwenyewe. Iliyotukuka ni mgeni wa heshima anayekalishwa mbele, ingawa nyumba si yake.

Mpangilio huu una sababu, na Ptolemi wa Aleksandria aliieleza katika karne ya 2. Alitazama hali ya hewa ya kwao. Jua huwa katika Kaa na Simba kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, wakati wa joto kali kaskazini mwa dunia, hivyo Mwezi ukapewa Kaa na Jua likapewa Simba. Zohali, sayari ya mbali na baridi kuliko zote alizozijua, ikapewa buruji za upande wa pili, Mbuzi na Ndoo, ambazo ni za majira ya baridi. Hoja ya utukufu ni hiyo hiyo: Jua likiingia Punda mwezi Machi, mchana huko kaskazini huanza kuwa mrefu kuliko usiku na joto hupanda, kwa hiyo Jua hutukuka na Zohali huanguka. Likiingia Mizani mwezi Septemba, mambo hugeuka.

Je, kila Zohali iliyo Punda ina udhaifu ule ule? Hapana. William Lilly, mnajimu wa London aliyechapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1647, aliweka hesabu ya alama. Makao ni alama 5 na utukufu 4. Unyonge hutoa 5 na anguko hutoa 4. Yako pia madaraja madogo: 3 kwa sayari inayotawala kundi la buruji, kama moto au hewa, kutegemea mchana au usiku, 2 kwa inayomiliki kipande fulani cha buruji, na 1 kwa inayoshika theluthi yake. Isiyo na daraja lolote huitwa mgeni, na hutolewa alama 5.

Chukua katikati ya Mei 1997, Zohali ilipokuwa karibu na nyuzi 15 za Punda. Hapo haina daraja hata dogo: inatolewa 4 kwa anguko na 5 kwa ugeni, jumla 9 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Mei 1998 ilikuwa karibu na nyuzi 28, katika kipande ambacho jedwali la Lilly linakihesabu kuwa cha Zohali yenyewe. Inapata 2, inatolewa 4, na si mgeni tena: inabaki 2 tu chini ya sifuri. Buruji ni ile ile, anguko ni lile lile, lakini tofauti ni alama 7.

Alama hizi hupima uwezo wa sayari kufanya kazi yake, hazipimi wema. Kazi ya Zohali ni mipaka, subira na mambo yanayochukua miaka. Ikiwa na nguvu, mnajimu husoma nidhamu inayozaa matunda. Ikiwa dhaifu, husoma woga, ucheleweshaji au ukali usio na mpango. Huangalia pia kama sayari iko mahali pa wazi kwenye chati, na kama inaonekana kurudi nyuma, kabla ya kutoa hukumu.

Mipaka ya elimu hii isemwe wazi. Sayansi haijapata ushahidi kwamba sayari hupanga tabia ya mtu, na alama za Lilly ni kanuni za fani, si vipimo. Sababu za Ptolemi nazo ni za kaskazini: Dar es Salaam, Julai ni kipupwe na Januari ni joto, ilhali jedwali linalotumika ni lile lile. Kwa hiyo ukiambiwa sayari yako imeanguka, uliza iko nyuzi ngapi na kama ulizaliwa mchana au usiku. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili bado hajaipima.