Mashine Inapoanza Kukariri Sura

Mwaka 2020 mwongozaji David France alitoa filamu ya hali halisi, Welcome to Chechnya, kuhusu watu waliokuwa wakikimbia mateso katika jimbo hilo la Urusi kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Kuwaonyesha sura kungewaponza, na kuwaficha kwa ukungu wa kawaida kungewanyima watazamaji machozi na hofu yao. Kwa hiyo nyuso zao zilivalishwa nyuso za watu wengine waliojitolea kwa hiari, na kila kicheko na kila kikunjo cha paji kikabaki mahali pake.

Kubadilisha sura kunajulikana zaidi kwa utapeli na udhalilishaji, na sifa hiyo mbaya ni ya haki. Lakini palipo na ridhaa ya pande zote mbili, hii ni kazi ya studio kama nyingine, na ugumu wake mkubwa uko pale watu wengi wasipotarajia. Mashine hujifunza yenyewe usiku kucha. Fundi ndiye anayepaswa kuamua imetosha lini. Akiikatiza mapema, sura hutoka laini kama iliyopakwa mafuta. Akiiacha ipitilize, huharibika kwa namna ambayo tarakimu kwenye kioo hazitamwambia.

Tuchukue kisa kimoja cha kufikirika. Steringi wa tamthilia amevunjika kifundo cha mguu, na onyesho la pikipiki limechezwa na mbadala wake. Kipande kina sekunde 40, na kwa picha 25 kila sekunde tunapata nyuso 1,000 za mbadala. Za steringi tunazo 3,000, zilizotolewa kwenye vipande vilivyorekodiwa kabla hajaumia. Wote wawili wamesaini. Programu ni DeepFaceLab, ambayo ni ya bure na imetumiwa sana na mafundi wa kazi hii.

Ndani ya modeli kuna sehemu inayoitwa enkoda, ambayo huutazama uso na kuufupisha kuwa maelezo: kichwa kimeelekea wapi, mdomo uko wazi kiasi gani, mwanga unatoka upande upi. Kisha kuna wachoraji wawili, yaani dekoda. Katika muundo wa kawaida, mmoja hujua kumchora steringi tu, mwingine mbadala tu. Wakati wa mafunzo kila mchoraji anapewa maelezo ya mtu wake na kuambiwa amchore upya. Ujanja huja mwishoni, pale mchoraji wa steringi anapokabidhiwa maelezo ya uso wa mbadala. Akiyaelewa, anamchora steringi akiwa ameketi kwenye pikipiki, macho yakiwa yamefinywa kwa upepo uleule.

Baada ya kila mzunguko programu hulinganisha mchoro na picha halisi, kisha huandika ukubwa wa kosa. Mistari miwili ya kisa chetu ingesomeka hivi:

```
[09:14:02][#004000][0540ms][0.9120][0.8344]
[15:24:37][#200000][0552ms][0.2874][0.2410]
```

Mwanzo ni saa, kisha idadi ya mizunguko, kisha muda ambao mzunguko mmoja umechukua. Tarakimu mbili za mwisho ndizo kosa: ya kwanza ya steringi, ya pili ya mbadala. Kati ya mstari wa juu na wa chini imepita zaidi ya siku nzima, na kosa limeshuka vizuri.

Sasa itafute tarakimu ya tatu, ile ya steringi akiwa kwenye pikipiki. Haipo. Haiwezi kuwepo, kwa sababu hakuna picha halisi ya steringi akifanya tendo lile ambayo mchoro ungelinganishwa nayo. Programu inapima jinsi kila mchoraji anavyomrudia mtu wake mwenyewe. Kazi tunayoitaka haipimwi na chochote isipokuwa jicho.

Ndiyo maana kuna dirisha la onyesho. Kila mstari una nyuso tano: picha halisi ya steringi, mchoro wake, picha halisi ya mbadala, mchoro wake, na mwisho kabisa, safu ya tano, sura iliyobadilishwa. Ukibonyeza `p` picha zinaandikwa upya. Ukibonyeza nafasi unapata mwonekano mwingine. Mgeni huvutiwa na safu ya pili na ya nne kwa kuwa ndizo zinazopendeza mapema. Fundi huanzia ya tano.

Sura haiji yote kwa mkupuo. Kwanza unaona rangi ya ngozi na umbo la kichwa, kisha nyusi na pua, kisha mwelekeo wa macho. Meno hukawia. Kwa muda mrefu huwa bamba moja jeupe, na siku yanapoanza kuachana jino na jino ujue uko karibu. Vivyo hivyo nukta ya mwanga ndani ya mboni: isipokuwepo, macho huonekana yamekufa hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Juu ya nyuso hizo kuna grafu ya kosa, na inadanganya kwa njia rahisi sana. Kosa la saa za kwanza ni kubwa mno kiasi kwamba ukiitazama historia yote, sehemu ya mwisho inaonekana imelala kabisa kama barabara. Wengi huzima mashine hapo. Bonyeza `l` ubadilishe urefu wa historia, uone mizunguko ya karibuni peke yake. Mara nyingi utagundua mteremko bado upo, mdogo lakini wa kweli. Kupandapanda kwa tarakimu kila mzunguko kusikusumbue. Fungu moja la picha lina nyuso za mbele zenye mwanga mzuri, jingine limeangukia nyuso za ubavu zenye giza, na kosa hufuata. Kinachosomwa ni mwelekeo wa wastani.

Usilinganishe pia kosa lako na la mwenzako. 0.24 yake na 0.24 yako si kitu kimoja ikiwa ukubwa wa picha, eneo la uso linalofundishwa au mipangilio mingine inatofautiana. Hata ndani ya modeli ileile, kubadilisha mpangilio mmoja kunaweza kuiangusha grafu kwa ghafla bila sura kuwa bora kwa kiasi hicho.

Mpangilio unaoleta mtego huo zaidi ya mwingine wowote ni `random warp`. Ukiwa umewashwa, kila picha hupindwapindwa kidogo kabla ya kuingia, huku mchoraji akitakiwa atoe uso ulionyooka. Hapo kukariri ni kugumu, kwa sababu uso uleule haurudi tena katika umbo lilelile. Enkoda hulazimika kushika mambo ambayo watu wote wawili wanayo kwa pamoja: jicho, mdomo, pembe ya kichwa. Mwishoni mpangilio huo huzimwa ili mchoraji apate nafasi ya kushughulikia vinyweleo, mikunjo na meno.

Katika kisa chetu tunauzima kwenye mzunguko wa 200,000. Kosa la steringi linaporomoka kutoka 0.29 hadi karibu 0.19, na safu ya pili na ya nne zinang'aa. Kufikia 240,000 safu ya tano nayo imenoga. Ndevu zinaonekana, meno yameachana. Mwenye pupa anasema tuiache iendelee, mbona bado linashuka? Kufikia 300,000 kosa limeshuka tena kidogo. Lakini angalia safu ya tano: pale mbadala anapogeuka ubavu, taya inacheza; pale anapofumba macho, steringi amefumba nusu; mwanga shavuni umebaki wa studio ilhali mbadala yuko juani.

Hapo modeli imeanza kukariri, kama mwanafunzi anayeshika majibu ya mtihani wa mwaka jana. Enkoda, ikiwa haisumbuliwi tena na picha zilizopindwa, imepata njia nyepesi ya kutambua huyu ni nani na kumwandikia kila mtu maelezo ya aina yake. Kila mchoraji anasoma maelezo ya mtu wake vizuri kuliko zamani, ila ya mwenzake hayaelewi tena sawasawa. Alama yake ni hii: safu ya pili na ya nne zinaendelea kung'aa huku ya tano ikirudi nyuma. Ukiona zinaachana hivyo, rudi kwenye nakala ya 240,000.

Lakini kukariri kwenyewe si dhambi mara zote katika kazi hii. Sura za mbadala zitakazobadilishwa ni zilezile 1,000, hatutamrekodi tena. Modeli ikizishika kichwani zote, kwa kipande hiki hakuna hasara. Hasara huja inapovunjika lugha ya pamoja kati ya wachoraji, au unapotaka kuitumia modeli hiyohiyo kwenye onyesho jingine ambalo haijawahi kuliona.

Tofautisha pia na upungufu wa picha. Ikiwa steringi hakufumba macho hata mara moja katika zile 3,000, safu ya tano haitafumba vizuri kwenye mzunguko wa 100,000 wala wa 500,000. Kilichoharibika kwa kukariri kiliwahi kuwa kizuri. Kinachotokana na upungufu hakikuwahi. Dawa ya hili la pili ni kutafuta picha za kuongeza, na kuongeza saa ni kuchoma umeme bure.

Tofauti hiyo huwezi kuikumbuka kwa kichwa. Unapoanzisha modeli, kubali swali la `Write preview history`, na uchague mwenyewe nyuso za kufuatilia: moja ya mbele, moja ya ubavu, moja yenye mdomo wazi, moja iliyofumba macho. Programu itahifadhi picha za nyuso hizohizo kila baada ya mizunguko kadhaa, uzipange na kuzitazama mfululizo.

Kuna ajali moja ambayo grafu huiona wazi. Kosa huruka juu kwa ghafla na kukataa kushuka, na dirishani nyuso zinageuka mabaka ya rangi. Modeli imeanguka na haitajinyanyua hata ukiipa wiki. Rudi kwenye nakala ya kabla ya mruko, na uwashe `gradient clipping`, ambayo hupunguza uwezekano wa ajali hiyo kujirudia. Anayefanya kazi bila nakala za akiba anaanza upya.

Hukumu ya mwisho haitolewi dirishani, kwa kuwa kule picha zimesimama. Chukua nakala tatu, tuseme za 220,000, 240,000 na 260,000. Kwa kila moja tengeneza sekunde kumi zenye mgeuko mkali wa kichwa na maneno, kisha zitazame kwa kasi ya kawaida. Angalia kama ngozi inametameta kutoka picha hadi picha, kama macho yanatazama barabara, kama meno yanahama. Ikiwa nakala mbili hazina tofauti unayoweza kuionyesha kwa kidole, chagua ya mapema na uzime mashine.