Mtandao au seva: nani anachelewesha?

Muuguzi wa zahanati anabonyeza kitufe kufungua kadi ya mgonjwa, ukurasa unazunguka, foleni inarefuka. Fundi wa mtandao anailaumu programu, na aliyeiandika programu analaumu mtandao. Ubishi huu unaweza kumalizwa kwa ushahidi, na mwanafunzi mwenye kompyuta moja ya kawaida anaweza kujifunza namna ya kuumaliza.

Kinachojulikana ni hiki. Kompyuta moja yenye Linux inaweza kubeba mashine pepe mbili, ambazo mafundi huziita wageni, na yenyewe ikawa mwenyeji. Kila mgeni anadhani ana kadi yake ya mtandao. Kwa kweli, upande wa mwenyeji kuna kiolesura pepe, kwa kawaida vnet0 kwa mmoja na vnet1 kwa mwingine, na vyote viwili vimeunganishwa na daraja la programu liitwalo virbr0. Kila pakiti inayotoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mwenzake lazima ipite hapo. Anayesimama kwenye vnet1 huona mazungumzo yote bila kugusa chochote ndani ya wageni.

Tuchukue mfano. Mteja ana anwani 192.168.122.11, na mgeni aitwaye seva, mwenye programu ya kumbukumbu, ana 192.168.122.12. Kwanza tunauliza kiolesura cha seva ni kipi, maana majina haya hubadilika mashine zikizimwa na kuwashwa. Kisha, jibu likiwa vnet1, tunanasa:

```
sudo virsh domiflist seva
sudo tcpdump -i vnet1 -nn -v tcp port 80
```

Mteja akiomba ukurasa, pakiti ya kwanza ina `Flags [S]`, yaani hodi. Seva hujibu `[S.]`, mteja anathibitisha kwa `[.]`, na mlango umefunguka. Ombi lenyewe linapita, tuseme, saa 10:14:07.201. Punde tu, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, seva inarudisha uthibitisho mtupu kwamba ombi limefika. Halafu kimya. Ukurasa unaanza kutoka saa 10:14:09.630.

Hapo kesi imeamuliwa. Ombi lilifika na likathibitishwa mara moja, kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Zile sekunde mbili na ushei zimeliwa ndani ya seva, pengine na hifadhidata inayopekua jedwali zima kutafuta jina moja. Kama ombi lile lile lingeonekana likitumwa mara mbili au tatu kabla ya uthibitisho, tungeanza kuishuku njia. Tena saa zote zimesomwa kwenye kompyuta moja, kwa hiyo hakuna haja ya kulinganisha saa za wageni, ambazo zinaweza kupishana.

Sasa tahadhari, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika mistari ya tcpdump utakuta neno `incorrect` karibu na `cksum`, namba ya kuhakiki kwamba pakiti haikuharibika. Utakuta pia pakiti yenye `length 14480`, ingawa njia inaruhusu baiti 1500 tu. Usikimbilie kusema mtandao umeharibika. Ni kama karani anayepeleka barua bila muhuri akijua utagongwa getini: mgeni huiachia kadi ya mtandao kazi ya kukokotoa namba ile na kukata data vipande vya baiti 1448. Kadi hiyo ni pepe, na data haitoki kamwe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo kazi hiyo haifanyiki, wala haihitajiki. Ukitaka kuona pakiti za ukubwa wa kawaida, zima msaada huo ndani ya seva:

```
sudo ethtool -K enp1s0 tx off tso off gso off
```

Jina `enp1s0` laweza kuwa tofauti kwako. Ukinasa tena, 14480 inageuka vipande kumi vya 1448 na neno `incorrect` linatoweka kwenye pakiti za seva. Mwishoni tazama pia mstari wa `dropped by kernel`. Kama si sifuri, baadhi ya pakiti hukuziona, na kimya unachokisoma huenda si kimya.

Kipimo hiki kina mpaka. Hakisemi kwa nini seva ilichelewa, na maabara ya wageni wawili haina nyaya zinazolegea wala minara inayozidiwa. Lakini kwa zahanati, au chama cha ushirika kinachoweka hesabu za wakulima kwenye seva, kujua pa kuanzia huokoa fedha ya kununua vifaa visivyo na kosa.

Ongeza `-A` kwenye amri ya tcpdump, na ombi la HTTP lisilofichwa litaonyesha nywila herufi kwa herufi. Mwenye kompyuta mwenyeji anaweza kusoma hivyo hivyo. Basi weka HTTPS hata kati ya wageni wa kompyuta moja, nasa mashine zako tu au ulizoruhusiwa kwa maandishi, na faili la pakiti zenye taarifa za wagonjwa lifute kazi ikiisha. Nchini Tanzania, kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.